Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: salamu za Mwaka Mpya wa Kichina kwa mshirika wa biashara

Ukurasa huu ni wa mtu anayeagiza mzigo kutoka China au anayefanya kazi na Wachina hapa kwetu, na kila ifikapo Januari au Februari anajiuliza aandike nini kwenye WeChat. Mifano yote inamhusu mtu mmoja: meneja mauzo wa kiwanda cha vigae mjini Foshan, mkoa wa Guangdong, tumwite Meneja Chen. Mteja wake ana duka Kariakoo.

Sikukuu yenyewe huwa lini, na kwa nini tarehe inahamahama?

Huangukia kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari. Mwaka 2026 ilikuwa tarehe 17 Februari, 2027 ni tarehe 6 Februari, 2028 ni 26 Januari, na 2029 ni 13 Februari. Mwezi wao huanza mwezi unapoandama, kama wetu wa Kiislamu, ila wao huukokotoa kwa hesabu za falaki na hawasubiri kuuona. Tofauti kubwa ni kwamba kila baada ya miaka miwili au mitatu huongeza mwezi wa 13 ili kalenda isiachane na majira. Ndiyo maana Muharram huzunguka mwaka mzima, lakini sikukuu hii haitoki Januari na Februari. Mwaka 2026 mwandamo ulikuwa mmoja: Wachina wakafungua mwaka, na siku moja au mbili baadaye Ramadhani ikaingia.

Niiteje? Mwaka Mpya wa Kichina, au wa mwezi mwandamo?

Kwa Mchina, andika "Mwaka Mpya wa Kichina" bila wasiwasi. Wao wenyewe huiita Chunjie, yaani sikukuu ya kuingia kwa majira ya kuchipua. "Mwaka mpya wa mwezi mwandamo" ni jina sahihi kwa maana, lakini ukilitumia Mombasa au Unguja msomaji atadhani unazungumzia mwaka wa Hijria. Libaki kwa pale unapoandikia watu wa mataifa kadhaa kwa pamoja.

Nilishamtumia salamu tarehe 1 Januari. Si inatosha?

Haitoshi. Tarehe 1 Januari kwao ni siku ya mapumziko tu. Hii nyingine ndiyo siku ya kurudi kijijini, kula na wazazi na kupeana heri, na asiyeikumbuka huonekana hajui anafanya biashara na nani.

Kwa nini nisichukue tu salamu zetu za mwaka mpya nikazitafsiri?

Hapa ndipo wengi wanapoteleza, tena kwa nia njema kabisa. Salamu ya mwaka mpya ya Kiswahili ina desturi zake. Tunamshukuru Mungu kwa kutuvusha, tunawakumbuka waliotangulia ("wengi walitamani kuiona siku hii"), tunapeana pole kwa magumu yaliyopita, na tunaombana msamaha pale tulipokoseana. Kwetu hiyo ni heshima na utu. Kwa Mchina, siku hizo ni za kusema mazuri matupu. Mila inashikilia kwamba neno linalotamkwa mwanzoni mwa mwaka huvuta jambo lake, kwa hiyo kifo, ugonjwa, hasara, kuvunjika na deni hayatajwi. Hata sahani ikidondoka, wengine husema haraka neno la heri linalofanana kwa sauti na "kuvunjika" ili kuligeuza.

Kwa hiyo "wengi walitamani kuiona siku hii hawakuweza", ikitafsiriwa, inamfikia Meneja Chen kama taarifa ya vifo asubuhi ya sikukuu. "Pole kwa mwaka mgumu" inamwambia kwamba umesikia kiwanda chake kinayumba. Na "nisamehe nilipokukosea" ndiyo yenye hatari zaidi kibiashara, kwa sababu mtu wa mauzo ataisoma kama ungamo na kuanza kutafuta ni oda gani umempelekea mshindani.

Kumtaja Mungu si tusi. Ila kwa mtu wa kampuni ya serikali, au usiyejua dini yake, dua ndefu humwacha hana cha kujibu. "Ubarikiwe" moja inatosha, au iache.

Basi niandike nini?

Salamu nzuri ina vipande vitatu vifupi: jina na heri, shukrani kwa mwaka uliopita, kisha matakwa mawili, moja la kazi na moja la familia. Kwa Meneja Chen inakuwa hivi, nawe unaweza kuinakili ilivyo na kubadilisha jina tu:

```
陈经理,春节快乐!
感谢您一年来的关照。
祝您生意兴隆,阖家幸福!
```

Maana yake: "Meneja Chen, heri ya sikukuu. Asante kwa kunijali mwaka mzima. Nakutakia biashara iliyoshamiri na furaha kwa familia yako yote." Chini yake weka jina lako na la duka, kwa sababu mtu wa mauzo ana mamia ya wateja na huenda alikuhifadhi kama "Tanzania 7".

Ukitaka kusema kwa simu au kwa ujumbe wa sauti, maneno yanayotumika sana ni haya. Matamshi tumeyaandika kwa herufi zetu, na "ng'" isome kama kwenye ng'ombe:

```
新年快乐
恭喜发财
生意兴隆
万事如意
身体健康
```

La kwanza ni "shin-nien kwai-le", heri ya mwaka mpya, linafaa kwa kila mtu. La pili, "gong'-shi fa-tsai", ni pongezi na utajirike. Watu wa Guangdong na Hong Kong wanaozungumza Kikantoni hulitamka "gong' hei fat choi", lakini maneno yenyewe ni yaleyale. La tatu, "sheng'-yi shing'-long'", ni biashara ishamiri. La nne, "wan-shi ru-yi", mambo yote yaende utakavyo. La mwisho, "shen-ti jien-kang'", afya njema.

Chagua kwa kumtazama unayemwandikia. "Utajirike" ni tamu kwa mwenye duka, mwenye kiwanda na mtu wa mauzo, ila kwa ofisa wa ubalozi, daktari au mhandisi wa kampuni ya serikali inayojenga barabara inasikika kama unamsukuma kwenye fedha. Kwa hao tumia la nne na la tano.

Jambo dogo la mwandiko: Hong Kong na Taiwan hutumia herufi za zamani, zenye michoro mingi zaidi. Kwa mtu wa huko andika hivi:

```
新年快樂
恭喜發財
```

Ukimwandikia kwa herufi za China bara atakuelewa, ila atajua umenakili bila kumfikiria yeye.

Je, niandike kwa Kichina hata kama sikijui?

Mstari mmoja au miwili, ndiyo, halafu endelea kwa lugha mnayofanyia biashara siku zote. Ukituma aya nzima ya Kichina iliyotoka kwenye programu ya tafsiri, yatatokea mawili: ama ina kosa usiloliona, ama atakujibu kwa Kichina kirefu usijue la kufanya. Mchina aliyekaa Dar es Salaam au Nairobi miaka kadhaa na anajua Kiswahili, mwandikie Kiswahili: "Heri ya Mwaka Mpya wa Kichina, Bosi Chen. Nakutakia afya, biashara njema, na salamu kwa familia nyumbani." Huyo akisoma Kiswahili atacheka kwa furaha kuliko kusoma Kichina cha kunakili.

Nimwiteje? Bwana? Rafiki? Dada?

Jina la ukoo la Mchina hutangulia. Kadi ikiandikwa Chen halafu jina lingine, yeye ni Meneja Chen; ukimwita kwa lile la pili na "Bwana" mbele, ni kama kumwita mzee wa watu "Bwana Juma mdogo". Cheo hufuata ukoo: "Chen jing'-li" ni Meneja Chen, na kwa mwenye kampuni au mkurugenzi husemwa "Chen dzong'". Kwa mwanamke usiyejua cheo chake, tumia neno la "nyu-shi":

```
陈经理
陈总
陈女士
```

Liepuke neno "shiao-jie" (小姐), ambalo vitabu vya zamani vya lugha hulitafsiri "bibi mdogo". China bara limechukua maana ya mwanamke anayejiuza, hivyo si la kumwandikia mtu wa kazi.

Angalia pia kiwakilishi. Kichina kina "wewe" mbili, na ya heshima ni 您. Programu za tafsiri hupenda kuweka 你, ya kawaida. Si kosa kubwa kwa kijana wa mauzo mliyezoeana, lakini kwa bosi wake badilisha kabla ya kutuma.

Nitume siku gani na saa ngapi?

China iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa tano. Saa sita usiku ya Foshan ni saa moja jioni ya Dar es Salaam. Wakati mzuri ni mkesha, kati ya saa nne asubuhi na saa sita mchana kwetu. Huko ni saa tisa alasiri hadi saa kumi na moja jioni, hawajakaa mezani kwa mlo mkuu wa familia. Baada ya hapo simu zao hufurika salamu na yako itazama. Kwa mwaka 2027 mkesha ni Ijumaa, tarehe 5 Februari.

Ukikosa mkesha, tuma asubuhi ya siku ya kwanza. Ukikosa na hiyo, bado una nafasi hadi siku ya 15, sikukuu ya taa, ambayo mwaka 2027 ni tarehe 20 Februari. Kuanzia siku ya tano au ya sita usijifanye hujachelewa. Sema tu "samahani kwa kuchelewa, heri ya mwaka mpya", kisha matakwa yako.

Barua pepe ya ofisini ni habari nyingine. Viwanda vingi hupunguza kazi wiki moja au mbili kabla ya sikukuu kwa sababu wafanyakazi husafiri mbali kurudi kwao. Barua itakayofika siku ya mkesha itasomwa wiki mbili baadaye, hivyo itume siku saba hadi kumi kabla, nawe utaje wazi kwamba unatanguliza heri.

Naweza kuulizia mzigo au salio kwenye ujumbe huohuo?

Hapana, na hili ndilo kosa linaloharibu salamu nyingi kutoka kwetu. Tazama ujumbe huu. Mteja amelipa asilimia 30 ya kontena la vigae, bado asilimia 70 kabla ya kupakia, na mzigo uliopita ulifika na maboksi 23 yamevunjika:

"Heri ya mwaka mpya Meneja Chen. Tumshukuru Mungu kutuvusha, wengi walitamani kuiona siku hii. Poleni kwa changamoto. Vipi yale maboksi 23 yaliyovunjika, mtafidia? Salio nitamalizia nikiuza."

Meneja Chen anasoma hivi mbele ya wazazi wake: kifo, shida, kuvunjika, deni. Wazee wengi wanaona deni linapaswa kulipwa kabla mwaka haujageuka, na kudaiana siku zenyewe za sikukuu kunachukiza. Juu ya hayo, mtu wa ghala hayupo na mhasibu hayupo, kwa hiyo hata akitaka kukusaidia hawezi. Atajibu kwa stika ya samaki mwekundu na suala lako litasahaulika.

Namna inayofanya kazi ni kuligawa jambo katika nyakati tatu. Kwa mwaka 2027, kufikia katikati ya Januari tuma ujumbe wa kazi peke yake, wenye picha za maboksi, namba ya oda na swali moja: je, fidia itakatwa kwenye salio au itaongezwa kwenye kontena lijalo? Uliza pia siku ya mwisho ya kupakia kabla ya likizo. Siku ya mkesha tuma salamu ile ya mistari mitatu, bila neno la mzigo. Kisha wakifungua kazi, rejea kwenye ujumbe wa Januari. Atakuwa na kumbukumbu zote mbili: kwamba una dai, na kwamba ulimheshimu.

Maneno na alama gani nyingine niepuke?

Namba nne, kwa sababu sauti yake inakaribia "kifo". Ukiweka zawadi ya vitu vinne, au kiasi chenye nne, kitaonwa. Nane inapendwa sana. Usiandike jina la mtu kwa wino mwekundu, ingawa karatasi nyekundu yenye maandishi meusi au ya dhahabu ni sawa kabisa. Picha yenye rangi nyeupe na nyeusi tupu inafanana na ya msiba. Saa ya ukutani isiwe zawadi: "kutoa saa" na "kumzika mzazi" zinasikika sawasawa.

Usimwulize kijana ataoa lini au atazaa lini. Ndugu zake wamemwuliza hayo mezani usiku kucha.

Usiandike pia "nisaidie bei mwaka huu", hata kwa utani.

Niutaje mnyama wa mwaka?

Unaweza, kwa uangalifu. Mwaka 2026 ni wa farasi, 2027 wa mbuzi, 2028 wa nyani, 2029 wa jogoo. Kwa mwaka wa mbuzi neno la Kichina halitofautishi mbuzi na kondoo, ndiyo maana utaona zote mbili kwenye mapambo. Programu ya tafsiri inaweza kukupa 山羊, neno la mbuzi pekee, jambo ambalo linachekesha. Linaloandikwa ni hili, "mwaka wa mbuzi wenye heri kuu":

```
羊年大吉
```

Tahadhari moja ambayo wageni hawaijui: mwaka wa mnyama wako wa kuzaliwa, unaorudi kila baada ya miaka 12, huhesabiwa kuwa wa mikosi, na wengi huvaa kitu chekundu kujikinga. Kwa hiyo usimwambie aliyezaliwa 1991 au 2003 kwamba "2027 ni mwaka wako, utang'ara". Na usimfananishe mtu na mnyama mwenyewe; mtakie heri ya mwaka wa mbuzi, yeye usimwite mbuzi.

Nitume bahasha nyekundu ya pesa kwenye WeChat?

Kwa kawaida hapana. Mteja hatarajiwi kumpa muuzaji pesa, na kampuni nyingi zimekataza wafanyakazi kupokea. Kwa mtu wa serikali usithubutu. Ikiwa mko kwenye grupu la kazi na wengine wanarusha bahasha ndogo kwa mchezo, unaweza kushiriki iwapo akaunti yako ina pesa ya Kichina. Bahasha moja haivuki yuani 200, na watu huchagua viwango kama 8.88 au 66. Ukichukua ya mwenzako, andika asante na heri palepale.

Ujumbe mmoja kwa wote unafaa?

Wanautambua mara moja, kwa sababu nao hutuma vilevile. Una wauzaji kumi? Nakili matakwa, lakini jina na mstari wa shukrani uandike upya kwa kila mmoja. "Asante kwa kuharakisha kontena la Agosti" inazidi picha yoyote ya fataki.

Mshirika wangu si Mchina, ni Mvietinamu au Mkorea. Natuma hiyohiyo?

Usimwandikie "Mwaka Mpya wa Kichina". Mvietinamu ana Tet, na Mkorea ana Seollal. Salamu zao ni hizi, ya kwanza Kivietinamu, ya pili Kikorea:

```
Chúc mừng năm mới
새해 복 많이 받으세요
```

Wanyama pia hutofautiana: mwaka 2023 Wachina waliuita wa sungura, Wavietinamu wakauita wa paka. Mjapani mwachie salamu zake tarehe 1 Januari, kwa kuwa Japani ilihamia kalenda hiyo mwaka 1873.

Nimesikia amefiwa na mzazi mwaka huu. Nifanye nini?

Acha "furaha" na "utajirike". Kwa mila za sehemu nyingi, nyumba yenye msiba haizunguki kutoa heri mwaka huo. Mtumie mstari mmoja wa utulivu, "nakutakia wewe na familia amani na afya", na rambirambi uwe ulizitoa siku zake, sio sasa:

```
愿您和家人平安健康
```

Amejibu kwa stika tu. Amekasirika?

Hapana. Stika ni jibu kamili siku hizo. Usimfuate na "umeona ujumbe wangu?"

Wakirudi kazini nianzeje?

Viwanda vingi hufungua kati ya siku ya nane na baada ya siku ya 15, na mafundi huwa hawajarejea wote, hivyo wiki ya kwanza uzalishaji ni wa kusuasua. Siku wanayofungua ina salamu yake, "kai-gong' da-ji", mwanzo mwema wa kazi:

```
开工大吉
```

Itume asubuhi yao, yaani alfajiri yetu. Acha siku moja ipite. Kisha uliza yale maboksi 23.